Mzee Kofia na Thelathini na Nane

Mzee Kofia hakuwahi kuvaa kofia maishani mwake. Kipara chake kiling'aa juani na mvuani, na alikionea fahari kama mtu mwingine anavyoonea fahari ndevu. Jina alilipata kwenye karakana ya kusuka upya nyaya za mota, alikofanya kazi miaka thelathini na moja akigonga vibati. Ukiona mota yoyote, ya pampu au ya kinu, utakuta ubavuni imebandikwa kibati kidogo cha bati jeupe chenye namba na herufi: volti ngapi, ampea ngapi, nguvu kiasi gani. Watu wengi hawakisomi kibati hicho. Mzee Kofia alikuwa amewagongea watu hao wasiosoma vibati zaidi ya elfu kumi, na hakuwasamehe hata mmoja.

Alikuwa na masanduku mawili ya mihuri ya chuma. La kwanza, la herufi kubwa, lilikuwa mali ya karakana. La pili, la herufi ndogo, alilinunua mwenyewe mwaka aliooa, akalifunga kwa kufuli, na ufunguo akautundika shingoni. Mkewe alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwaka ule mumewe alioa wake wawili, na yule mwingine ndiye aliyenunuliwa kufuli.

Sasa, kwa nini mtu ahitaji herufi ndogo kugonga kibati? Hapo ndipo ungemkoma Mzee Kofia. Angeweka nyundo chini, afute mikono kwenye aproni, aanze.

"Sikiliza, mwanangu. Volti ni jina la mtu. Wati ni mtu. Ampea ni mtu. Hezi ni mtu. Watu wa sayansi, wamekufa zamani, Mungu awarehemu. Ukiwaandika kwa kifupi, unawavisha kofia: V kubwa, W kubwa, A kubwa. Hezi ana herufi mbili, ya kwanza ina kofia na ya pili inaifuata kichwa wazi: H kubwa, z ndogo. Lakini mita si mtu, sekunde si mtu. Hakuna mama aliyemzaa sekunde. Kwa hiyo m ndogo, s ndogo, basi."

"Na ukiandika jina zima?"

"Ukiandika zima, unamvua kofia hata awe nani! Volti, kwa v ndogo. Wati, kwa w ndogo. Umeshamwita kwa jina lake lote, kofia ya nini tena? Ameshakuwa kipimo, kama kijiko. Huandiki Kijiko kwa K kubwa katikati ya sentensi, au unaandika?"

Msikilizaji mjinga ndiye aliyeendelea kuuliza. Angeuliza habari za lita, na Mzee Kofia angekunja uso kama aliyetajiwa mkwe asiyempenda, kwa sababu lita si mtu lakini imeruhusiwa kofia akipenda mwandishi, kisa l ndogo inafanana na moja. Angeuliza habari za omu, na angeambiwa kwamba omu alikuwa mtu kamili, ila O yake ingedhaniwa sifuri, ndiyo maana akapewa kofia ya Kigiriki, hii hapa: Ω. Kufikia hapo chai ingekuwa imepoa.

Lakini nisikudanganye, kelele zote hizo zilikuwa na kazi. Mbele ya hao watu hukaa vijiherufi vya kusema wengi au wachache. Kilo ni elfu, k ndogo. Mega ni milioni, M kubwa. Mili ni sehemu moja ya elfu, m ndogo. Kwa hiyo mΩ na MΩ zinatofautiana kofia tu, lakini hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza mara bilioni moja. Ndiyo maana karakana ile ilikuwa na desturi yake. Kila mota ikitoka kusukwa ilipimwa na Mama Sindano, fundi wa vipimo, mwanamke mwenye mikono mirefu aliyepata jina lake enzi za vipimo vya sindano. Mama Sindano aliandika namba kwenye fomu, na kabla Mzee Kofia hajainua nyundo, alipaza sauti kutoka pembe ya pili:

"Mama Sindano! Ana kofia?"

Naye, bila kugeuka, angejibu "Ana!" au "Hana!" Hapo ndipo muhuri ulipochaguliwa. Wageni walidhani wale wawili wana kichaa cha aina moja.

Kisha akaja meneja mpya.

Alikuwa mpwa wa mwenye karakana, kijana msafi mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka huwa inamfanya mtu aone wenzake kama mawe njiani. Juma la kwanza alichapisha kipeperushi cha kusifu kampuni: "Mota zetu hutoa Wati nyingi kwa Ampea chache." Mzee Kofia alikirudisha mezani kwake akiwa amevua kofia zote kwa kalamu nyekundu. Juma la pili meneja alileta fomu mpya za vipimo. Zamani Mama Sindano aliandika namba pamoja na kipimo chake kwa mkono. Sasa kipimo kilikuwa kimeshachapwa, yeye ajaze namba tu. Na kila kitu kilikuwa kwa herufi kubwa. KW. HZ. MΩ.

"Herufi kubwa ni heshima," meneja alieleza, "na zinasomeka vizuri."

"Bwana meneja," alisema Mzee Kofia kwa upole uliomtoka kwa shida, "HZ hakuna mtu wa namna hiyo. Na K kubwa ni kelvini, kipimo cha joto. Hapa umeandika joto mara wati."

"Mteja ataelewa."

"Na huu mstari wa waya wa ethi umeandikwa MΩ. Waya wa ethi tunaupima kwa mili."

"Mzee wangu, mteja ataelewa!"

Mzee Kofia aligonga vibati kumi na viwili kwa herufi zake mwenyewe, na akapewa barua ya onyo. Ndani yake mlisemwa mambo mawili: agonge kama fomu inavyosema, na aache kupiga kelele karakanani kuuliza habari za kofia, kwani anapoteza muda na kutisha wateja. Kosa jingine moja, kazi hana. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Barua aliisomea nyumbani. Mkewe alikuwa akikuna miguu. Alifanya kazi kwa dobi mkubwa wa mtaa wa pili, kwenye mashine za kufulia mashuka ya mahoteli, na tangu asubuhi hadi jioni alisimama kwenye maji ya sabuni akiwa na kandambili. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana miaka mingi iliyopita na havikunjuki tena.

"Baba watoto," alisema, "hizo herufi zimekulipa nini? Gonga wanavyotaka. Ukifukuzwa utakuja kunigongea mimi vibati hapa?"

"Nitakugongea kimoja usoni. Nitaandika, hatari."

"Kwa h ndogo," alisema mkewe, na wakacheka wote wawili. Lakini alikuwa amesema kweli. Mtu mzima hushindana na mpwa wa tajiri akiwa na shamba, na wao shamba hawakuwa nalo. Kesho yake Mzee Kofia alifunga sanduku la herufi ndogo, akalisukuma chini ya benchi, akawa anagonga KW na HZ kama mtu anayetafuna mchanga. Hakuuliza tena habari za kofia. Juma la tatu Mama Sindano naye akaacha kuangalia herufi kwenye kipimo chake. Kwa nini aangalie? Fomu ilikuwa imeshamwandikia.

Ndipo ikaja mota ya dobi.

Mkewe ndiye aliyewapa kazi hiyo. Mota ya mashine kubwa ya kufulia iliungua, na yeye akamwambia bosi wake kwamba mume wangu yuko karakana fulani, kazi yao safi. Ikaletwa, ikasukwa, ikapelekwa kwa fundi rangi, ambaye aliipiga rangi ya buluu nzito akaipendezesha kama gari la harusi. Ikapimwa. Saa tano asubuhi fomu ilifika kwa Mzee Kofia. Mstari wa ethi ulisema: 38 MΩ. Mota ya jana yake ilisema 41 MΩ, na ya juzi 36. Akagonga, akakaza kibati kwa skrubu mbili, mota ikapakiwa kwenye mkokoteni ikaenda zake.

Saa sita Mama Sindano alikuja kuomba chumvi ya kulia yai lake la kuchemsha.

"Ile mota ya kwa shemeji ilikuwa na ubishi," alisema, akimenya. "Nimeweka waya mmoja kwenye bodi, mwingine kwenye ethi, namba inacheza. Thelathini na tano, arobaini, thelathini. Nimengoja mpaka ikachoka, ikatulia thelathini na nane."

Mzee Kofia aliacha kutafuna.

"Ilicheza?"

"Kama mtoto anayetaka kukojoa."

"Mama Sindano, chuma kikigusana na chuma hakichezi. Ilikuwa m gani?"

"Sijui, Mzee. Fomu ime..." Yai lilibaki limenyanyuliwa.

Nieleze hapa, maana meneja naye ilibidi aelezwe. Waya wa ethi kazi yake ni moja. Siku waya wa ndani ukichubuka na umeme kugusa bodi ya mota, ethi huubeba umeme huo kwenda ardhini na kuifanya fyuzi ikate, kabla haujambeba mtu. Ili ubebe, njia iwe wazi kabisa: thelathini na nane za mili, yaani karibu na bure. Thelathini na nane za mega ni ukuta. Ni kwamba ethi haipo, kuna bolti ya pambo. Na Mzee Kofia, akiwa na tonge mdomoni, aliiona ile rangi ya buluu nzito jinsi ilivyomezea kila kitu, mpaka mahali bolti ya ethi inapokalia chuma. Rangi haipitishi umeme. Fundi rangi aliipaka na pale, bolti ikakazwa juu ya rangi, kazi ikaisha. Fomu zote tatu zilisema MΩ. Mbili zilikuwa zinasema uongo usio na madhara, na ya tatu ilikuwa inasema kweli, na hakuna aliyeweza kuijua ipi ni ipi.

Alipanda ngazi kwenda kwa meneja akiwa bado ameshika kipande cha mkate.

"Mota ya dobi isiwashwe. Mpigie simu."

"Kwa nini?"

"Ethi yake nadhani ina kofia."

Ukweli ni kwamba angeweza kulisema vizuri zaidi. Alijaribu tena, akasema rangi, akasema bolti, akasema mili na mega, lakini meneja alikuwa ameshasikia neno kofia na masikio yakamfunga. Akaichukua fomu, akaigonga kwa kidole.

"Imepimwa, imesainiwa. Nimpigie mteja nimwambie kazi yetu ni mbovu kwa sababu ya herufi? Mzee, rudi kwenye benchi. Ukitoka hilo geti saa za kazi, usihangaike kurudi."

Mzee Kofia alishuka. Alivuta sanduku lake la chini ya benchi, akatia mfukoni mihuri ya namba, m ndogo, Ω, nyundo ndogo na kisu. Alipita getini bila kumsalimia mlinzi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa miaka thelathini na moja, na mlinzi akajua kuna msiba.

Kukimbia hakukimbia, magoti yalimkatalia. Alikwenda ule mwendo wa wazee wa kwenda haraka kwa mabega. Kwenye kona ya pili alisikia mtu anahema nyuma yake. Mama Sindano, na kapu la sokoni, na ndani ya kapu, chini ya kitenge, kipimo cha karakana.

"Nawe utafukuzwa," alimwambia.

"Mimi ni fundi wa vipimo," alisema Mama Sindano. "Naenda kupima."

Kwa dobi mlikuwa na mvuke wa kufanya ukuta utoe jasho. Mota ya buluu ilikuwa imeshafungwa chini ya mashine kubwa. Bosi wa dobi, mtu mnene mwenye taulo shingoni, alikuwa amesimama kwenye swichi ukutani. Na pale kwenye mashine, kwenye maji yaliyofika vifundoni, kiganja kimoja kimeegemea bodi, mkewe alikuwa akipakia mashuka.

"Usiwashe!" Mzee Kofia alipiga kelele, sauti ile ile ya kuvuka karakana.

Kila mtu aligeuka. Mkewe alimtazama kuanzia kipara mpaka viatu.

"Makubwa! Umefukuzwa?"

"Ndiyo. Toka kwenye maji."

"Nimalizie mashu..."

"Mama watoto, nakuomba. Toka kwenye maji."

Hakuwahi kumwomba kitu kwa sauti ile. Mkewe alitoka.

Bosi wa dobi alianza kulalamika, kwamba ana mashuka mia nne, kwamba hoteli hailali chini. Mama Sindano alikinga kipimo na mvuke kwa kitenge, akaweka ncha moja kwenye mkwaruzo kwenye bodi ya mota, nyingine kwenye waya wa ethi. Namba zikaanza kucheza. Ishirini na tisa. Thelathini na tatu. Thelathini na moja. Mzee Kofia hakuwa na miwani. Alimwinamia na kuuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:

"Mama Sindano. Ana kofia?"

Mama Sindano aliangalia herufi, safari hii kwa muda mrefu.

"Ana," alisema. "Kubwa."

Wakafungua bolti. Chini yake rangi ilikuwa nene na laini, ya kupendeza kabisa. Mzee Kofia aliikwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akakaza bolti upya, Mama Sindano akapima. Arobaini na mbili. Haikucheza hata kidogo.

"Hana," alisema Mama Sindano bila kuulizwa.

"Sasa niwashe?" aliuliza bosi wa dobi.

"Bado."

Alifungua skrubu mbili za kibati, akakigeuza nyuma kulikokuwa kutupu, akakilaza juu ya jiwe la kufulia. Akagonga nne, akagonga mbili, kisha akatoa mfukoni m ndogo na kuigonga mara moja, na kando yake kofia ya Kigiriki ya omu. Alipokwisha kukikaza mahali pake ndipo akasema washa. Mashine ikanguruma, mashuka yakazunguka, na mkewe akarudi kwenye maji yake kana kwamba hakuna kilichotokea, akaweka kiganja pale pale kwenye bodi.

"Mbona unanitazama hivyo?" alimuuliza. "Hujaniona tangu asubuhi?"

"Sijakuona," alisema Mzee Kofia, akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Kesho yake aliitwa aandike barua ya kujieleza kwa nini alitoka bila ruhusa. Karakana nzima ilijua atakachoandika. Fundi rangi, ambaye kwa siku hizo mbili alikuwa mpole kama kuku aliyeloa, alisema itakuwa kurasa sita, nne za watu wa sayansi na mbili za lita. Mzee Kofia alikaa nayo kwenye benchi muda mrefu, akaandika mara mbili, nakala moja akaikunja mfukoni, nyingine akaipeleka juu.

Meneja aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi, akaisoma tena, na kwa muda hakushika kalamu yoyote kati ya zile tatu. Kumfukuza hakumfukuza, na kumwomba radhi hakumwomba. Ila Jumatatu fomu zote zilikuwa zimechapwa upya, mahali pa kipimo pakiwa wazi pa kujazwa kwa mkono, na saa nne asubuhi, mota ya kwanza ilipopimwa, watu walisikia sauti ya kijana ikiuliza kutoka juu ya ngazi, kwa aibu kidogo, kama huyo ana kofia.

"Uliwaandikia nini?" mkewe alimuuliza jioni.

"Kanuni yote. Kurasa sita."

"Nilijua. Hata barua ya kazi huwezi kuacha mambo yako."

Jumamosi mkewe alifua nguo za nyumbani. Mtu wa dobi hafui shati bila kupekua mifuko, na kwenye mfuko wa shati la kazi alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na sentensi moja tu, kwa mwandiko ule ulionyooka wa mtu aliyezoea chuma:

"Nilitoka bila ruhusa kwa sababu Mke wangu hufanya kazi pale, akiwa amesimama kwenye maji."

Miaka thelathini na moja ya kusikiliza kelele za herufi haiendi bure. Aliliona kosa mara moja, hapo katikati ya sentensi. Mke alikuwa amevishwa kofia. Akaikunja karatasi kama ilivyokuwa, akaiweka mahali pasipo na maji, na akaendelea kufua.